Kadi ya keki ya Kimarekani kwenye picha ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu digrii, vikombe na maneno ya jikoni

Hapa Malindi kadi za mapishi zinatufikia kwa njia nyingi, mgeni amekaa kwenye koteji akapenda mkate wako wa kumimina akakuachia kadi ya bibi yake, ama mtu ana shangazi Marekani kamtumia picha kwa Watsapp, alafu unaletewa wewe muokaji unaambiwa "nifanyie hii kwa birthdei ya mtoto". Maswali ni yale yale kila mara kwa hivo nimeyaweka pamoja. Nitatumia kadi moja mwanzo mpaka mwisho, ya keki ya limau ya tini ya mkate, iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu ndani yake karibu mitego yote imo.

Picha ya kadi nipige vipi isomeke?

Weka kadi mezani karibu na dirisha lakini jua lisiipige moja kwa moja, simama juu yake simu ikiwa sambamba na meza, uzime flashi. Kadi nyingi za zamani zina madoa ya siagi na ukiwasha flashi lile doa linang'aa linafuta namba yote. Piga na upande wa nyuma hata kama unadhani hakuna kitu, mara nyingi dakika za kuoka na ukubwa wa tini ziko huko nyuma.

Kitu cha kuogopa zaidi ni vile visehemu vya namba. Simu ikisoma maandishi kwenye picha inaweza kuiona `1½` kama 1 peke yake, au kama 12, na `1/4` ikawa 14. Ile alama ndogo ya digrii pia inasomwa kama sifuri, `350°` inageuka 3500. Kwa hivo usiamini maandishi yaliyotolewa na simu mpaka ukuze picha yenyewe kwa vidole viwili ukaangalia kila namba kwa macho yako. Maneno yakikosewa utashtuka, sentensi haitaeleweka, lakini namba ikikosewa inakaa kimya tu pale na unga umeshamwagwa.

Nimetafsiri kadi yote kwa app ya simu, imetoka Kiswahili kizuri, mbona bado siwezi kupika?

Kwa sababu app imegeuza maneno, vipimo imeviacha vile vile. Kikombe cha Marekani kimebaki "kikombe", 350 imebaki 350 na oveni yako inaishia 250. Hizo ni kazi mbili tofauti, kutafsiri maneno na kubadilisha vipimo, na mimi nashauri uzifanye moja baada ya nyingine. Chukua karatasi safi, andika kadi upya kwa Kiswahili kwa gramu, mililita na selsiasi, umalize kabla hujagusa unga. Ukibadilisha huku unapika utasahau mstari mmoja, na huo mmoja huwa ni ule wa bekingi pauda.

Kadi imeandika 350 tu bila herufi. Nitajuaje ni farenhaiti au selsiasi?

Oveni nyingi za nyumbani mwisho wake ni 250 au zaidi kidogo kwa selsiasi, kwa hivo ukiona 300, 325, 350, 375, 400, hio ni farenhaiti bila shaka. Ukiona 160, 170 au 180 kwa keki ni selsiasi, maana farenhaiti 180 ni chini ya joto la maji yanayochemka, keki haiivi hapo.

Pagumu ni katikati, 200 mpaka 250. Hapo angalia mambo mengine kwenye kadi. Kama kuna vikombe, kama siagi imepimwa kwa `stick`, kama tini imetajwa kwa inchi, kadi ni ya Kimarekani na joto ni farenhaiti. Angalia na muda. 225 kwa saa nzima na nusu ya kukausha meringi, ule ute wa mayai uliopigwa na sukari, ni farenhaiti, kama selsiasi 107 hivi. 225 kwa dakika 12 za pitsa ni selsiasi. Muda na joto lazima vikubaliane.

Kubadilisha ni hivi, andika kwenye kikokotozi cha simu:

```
C = (F - 32) * 5 / 9
(350 - 32) * 5 / 9 = 176.7
```

Hio 176.7 unaweka 175 au 180, nobu ya oveni haijui desimali.

Hakuna njia ya haraka bila kikokotozi?

Ipo, kata nusu. 350 inakuwa 175, ya kweli ni 177. 300 inakuwa 150, ya kweli 149. 400 inakuwa 200, ya kweli 204. Kwa keki na biskuti zote ambazo zinaokwa kati ya 300 na 400 inatosha kabisa. Inaanza kupotea huko juu, 450 ukikata nusu unapata 225 na ilitakiwa 232, kwa mikate ya moto mkali ni bora upige hesabu kamili. Na usiitumie kwa joto la mwilini au la hewa, ni ya oveni tu, kwa sababu nusu inalingana sawasawa na hesabu pale kwenye 320 na ukienda mbali na hapo inaachana nayo.

Kadi haina namba kabisa, imesema oveni ya wastani.

Kadi za zamani ndivyo zilivyoandikwa. Wastani ni 350 farenhaiti, yaani 180. Moto mdogo ni kama 150, moto mkali ni 200 mpaka 220. Na kama kadi ni ya Kiingereza imeandika namba ya gesi, namba 4 ndio hio 180 na kila namba ikipanda joto linapanda farenhaiti 25, kwa hivo namba 6 ni 400, yaani kama 200 kwetu.

Lakini angalizo hapa: nobu ya jiko lako ikiwa na 1 mpaka 8 haimaanishi ni hizo namba za Kiingereza. Majiko mengi zile ni ukubwa wa moto tu.

Oveni yangu ina feni. Na yangu ni ya gesi haina digrii. Na mimi natumia makaa.

Ya feni, punguza selsiasi 20 kwenye jibu ulilopata. Kadi ya 350 inakuwa 180, ukiwasha feni weka 160, na anza kuchungulia dakika 10 kabla ya muda wa kadi.

Ya gesi isiyo na digrii, nunua themomita ya oveni, ile ndogo ya kuning'iniza au kusimamisha kwenye waya. Iweke katikati pale tini itakapokaa, subiri dakika 20 kwa kila kiwango cha nobu, andika kwenye karatasi ubandike pembeni ya jiko. Unafanya mara moja tu. Na kama themomita hujapata, sukari inaweza kukupa jibu la karibu. Sukari ya kawaida inayeyuka kwenye 186 hivi. Weka kijiko kwenye foili ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto, baada ya dakika 15 kama chembe zimebaki kavu uko chini ya 186, kama imekuwa maji uko juu. Keki ya limau inataka uwe chini kidogo ya hapo.

Kwa makaa juu na chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina, kadi ya 350 inawezekana vizuri tu, makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, kwa sababu chini chuma kinagusana na moto na kinaunguza haraka. Muda wa kadi hapo usiufuate. Fuata kijiti, kikitoka kikavu imeiva.

Kikombe cha kadi ni kikombe gani? Nina bilauri, nina magi ya chai, nina kikombe cha kahawa.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kikombe cha kadi ya Kimarekani ni kipimo maalum, mililita 237, watu wanaandika 240 na hakuna ubaya. Kadi ya Australia kikombe ni 250. Ya Kijapani ni 200. Magi ya chai ya nyumbani mara nyingi inazidi 300 na kikombe chetu cha kahawa cha kizee ni kidogo mno, hakifai hata kuanza nacho.

Kujua chako kina kiasi gani, kiweke juu ya mizani ya jikoni, rudisha mizani kwenye sifuri, jaza maji mpaka ukingoni, soma. Gramu moja ya maji ni mililita moja kwa hivo namba unayoiona ndio ujazo wake.

Lakini nimeambiwa kikombe chochote sawa, mradi nitumie hicho hicho kwa kila kitu?

Hio kauli inafaa kwa wali na maji, kwa keki inakuangusha, na nitaonesha kwa kadi yetu. Kadi inataka unga `1 1/2 c.`, sukari `1 c.`, maziwa `1/2 c.`, alafu mayai 2, siagi `1 stick`, bekingi pauda `1 tsp`. Tuseme magi yako ni mililita 310. Unga wako sasa umekuwa karibu vikombe viwili vya Kimarekani, sukari na maziwa navyo vimepanda. Mayai je? Bado ni mawili. Siagi bado ni ile ile, bekingi pauda bado kijiko kimoja, na tini haikukua. Unapata keki nzito, kavu, imefura kidogo tu, alafu unasema mapishi ya watu wa nje hayana ladha. Kadi haina kosa hapo. Vitu vya kikombe vimeongezeka karibu theluthi na vitu visivyopimwa kwa kikombe vimebaki.

Kikombe cha unga ni gramu ngapi? Kila mahali naona jibu tofauti.

Ni kweli majibu yanatofautiana na sababu yake ni namna kikombe kinavyojazwa. Ukichota unga kwa kijiko ukaudondosha kwenye kikombe mpaka ujae, alafu ukakata juu kwa mgongo wa kisu, unapata gramu 120 mpaka 125. Ukichukua kikombe ukakizamisha ndani ya mfuko wa unga ukakitoa kimejaa, unga unashindiliwa, unapata 140 mpaka 150. Kikombe ni hicho hicho. Kwa vikombe vitatu tofauti inafika karibu gramu 75, hio ni zaidi ya nusu kikombe ya unga.

Mimi natumia 125 kwa kadi za nyumbani, na keki za aina hii zinatoka vizuri. Kwa kadi yetu kikombe kimoja na nusu ni gramu 188, weka 185 au 190 hakuna ugomvi.

Kuna kitu kingine kidogo hapo, neno la kuchunga unga linakaa wapi kwenye mstari. Kadi ikisema kikombe cha unga uliochungwa, chunga kwanza ndio upime, utakuwa mwepesi, karibu 115. Ikisema kikombe cha unga alafu baada ya koma ikasema uchungwe, pima kwanza ndio uchunge. App ya kutafsiri inaweza kuupindua huo mpangilio, kwa hivo rudi kwenye picha ya kadi uangalie koma iko wapi.

Vingine havina shida hivo. Sukari nyeupe kikombe ni gramu 200. Sukari ya kahawia ya kushindilia ni kama 215. Maziwa au maji 240. Siagi 227. Asali 340, ndio, ni nzito hivo. Utaona kikombe ni kimoja lakini unga ni 125 na asali 340, ndio maana huwezi kusema "kikombe ni gramu kadhaa" bila kusema cha nini.

Kadi inasema `8 oz`, si ndio kikombe kimoja?

Ya maziwa ndio, ni ujazo, mililita 240. Ya unga sio, hapo ni uzito, aunsi moja ni gramu 28 na kidogo, aunsi nane ni gramu 227, karibu vikombe viwili. Kitu kinachomiminika soma kama ujazo, kitu kikavu soma kama uzito.

`T` na `t` ni kitu kimoja?

Hapana na hapa pana hatari. `T` kubwa, au `Tbsp`, ni kijiko kikubwa, mililita 15. `t` ndogo, au `tsp`, ni kijiko cha chai, mililita 5. Vitatu vya chai vinafanya kimoja kikubwa. Mwandiko wa mkono ukiwa mbaya ukashindwa kutofautisha, jiulize ni kitu gani kinapimwa. Bekingi pauda, chumvi, vanila na soda kwa keki moja ni kijiko cha chai. Maji ya limau na asali vinaweza kuwa kikubwa. Bekingi pauda kwa unga wa keki inakwenda kijiko cha chai kimoja mpaka kimoja na robo kwa kila kikombe cha unga, zaidi ya hapo keki inapanda haraka alafu inadidimia katikati na inabaki na uchungu ulimini.

Na vile vijiko tunavyokorogea chai nyumbani havilingani, nunua seti ya vijiko vya kupimia, haina bei kubwa. Juu ya kijiko kata kwa kisu, usiache kilima.

App imeniandikia "fimbo moja ya siagi".

Huko Marekani siagi inauzwa imefungwa vipande virefu, kila kipande gramu 113, sawa na nusu kikombe. Hio ndio `stick`. Siagi yetu ya gramu 250 ukate kwa nusu unapata 125, punguza kipande chembamba, au pima kwenye mizani ndio salama. Kama siagi yako ina chumvi, ile robo kijiko ya chumvi kwenye kadi iache.

Bekingi soda, bekingi pauda na hamira, ninunue kipi?

Usiache app ikuchagulie hapa. Hivi ni vitu vitatu na hakuna kinachokaa mahali pa mwenzake. Hamira ni ya mkate, mahamri, mofa, inahitaji muda wa kuumuka. Bekingi pauda inafanya kazi yenyewe ikipata maji na moto. Bekingi soda inahitaji kitu kichachu cha kuiamsha, mtindi, maji ya limau, maziwa lala, na nguvu yake ni kama mara tatu mpaka nne ya bekingi pauda.

Kadi yetu ina bekingi pauda kijiko cha chai kimoja. Mtu akiweka soda badala yake, kiasi kile kile, keki inatoka nyeusi nyeusi na ina ladha ya sabuni. Ukikuta kadi imeandika soda peke yake bila neno lingine, tafuta kwenye viungo kama kuna kitu kichachu. Kikiwepo ni soda kweli. Na magadi yale ya kuchemshia kunde tafadhali yaache huko huko.

Kadi ikitaka maziwa ya siagi, yale machachu ya Kimarekani, tumia maziwa lala mepesi, au weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwenye kikombe cha kupimia, ujaze maziwa mpaka 240, uache dakika 10 yagande kidogo.

Maneno gani ya kupika yanapotoshwa zaidi?

Kwa keki, mawili au matatu tu yanaharibu kweli.

La kwanza ni `cream`. Likiwa mwanzo wa sentensi kabla ya siagi na sukari ni kitendo, maana yake piga siagi na sukari pamoja mpaka iwe nyepesi, laini, na rangi ipauke. App inaweza kukutolea "krimu siagi na sukari" na watu wamekwenda kununua krimu dukani. Ukiona krimu kwenye maelezo lakini haimo kwenye orodha ya viungo, jua ni kupiga. Na huu upigaji ndio unaoingiza hewa kwenye keki, ni dakika tatu mpaka tano kwa mashine, usiukate.

La pili ni `fold`, linatoka "kunja". Ni kuchanganya taratibu kwa mwiko, unapita chini ya bakuli unaleta juu, unageuza bakuli, mpaka usione unga mkavu, basi. Ukipiga kwa nguvu hapo hewa inatoka na keki inakuwa ngumu.

La tatu ni siagi iwe `softened` kwa joto la chumbani. Chumba chao ni kama selsiasi 20. Chumba cha Malindi mwezi wa pili ni 30 na zaidi. Siagi ukiiacha nje asubuhi nzima kama kadi inavyosema unakuta imekuwa mafuta, na mafuta hayashiki hewa hata upige mpaka adhuhuri. Itoe kwenye friji, ikate vipande, dakika 10 mpaka 15 zinatosha, kidole kizame lakini kipande kibaki na umbo lake na kisingae. Ikishaanza kung'aa irudishe friji kidogo. Kwa mtu wa pwani naliona hili kuwa muhimu kuliko hesabu ya farenhaiti.

Mengine ni mepesi: `broil` ni moto wa juu peke yake, `preheat` ni washa oveni mapema, dakika 15 au 20. Na kadi ikiwa na mstari wa kurekebisha kwa sehemu za miinuko, ruka, sisi tuko usawa wa bahari.

Basi kadi yote ikibadilishwa inasomekaje?

Hivi ndivyo ningeiandika kwenye karatasi yangu:

Keki ya limau, tini ya sentimita 20 kwa 10. Washa oveni 175, kama ina feni 155. Siagi laini gramu 113 na sukari gramu 200, piga mpaka zipauke. Mayai mawili, moja moja, piga kila ukitia. Unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 188, bekingi pauda kijiko cha chai kimoja, chumvi robo ya kijiko cha chai, chunga pamoja. Maziwa mililita 120. Tia unga na maziwa kwa zamu, anza na unga na umalize na unga, changanya taratibu. Ganda la limau moja, kwaruza ile njano tu, nyeupe ni chungu. Oka dakika 50 mpaka 55, anza kuchoma kijiti ikifika 45.

Mayai ya kadi ni makubwa, bila ganda yai ni kama gramu 50. Ya kuku wa kienyeji mara nyingi ni madogo, yavunje upime, ukitaka gramu 100 na yako mawili ni 80, ongeza la tatu upige kidogo utoe gramu 20.

Tini yangu ni ya mviringo, kadi imesema inchi.

Inchi moja ni sentimita 2.54. Tini ya mraba ya inchi 8 na ya mviringo ya inchi 9 zina eneo karibu sawa, unaweza kubadilishana bila kugusa kitu. Ile kubwa ya inchi 9 kwa 13, yaani sentimita 23 kwa 33, inagawanyika kwenye mviringo mbili za inchi 9. Keki ya tini ya mkate ukiihamishia kwenye mviringo pana inakuwa nyembamba, itaiva mapema, kwa hivo anza kuangalia kwenye dakika 25 na usiende sokoni.

Na kadi za Kiitaliano? Hapa mjini ndio nyingi.

Hizo zina gramu na selsiasi tayari, hesabu hakuna. Angalia maneno machache tu. `lievito per dolci` ni bekingi pauda na pakiti yao moja ni gramu 16, `lievito di birra` ndio hamira. `cucchiaio` ni kijiko kikubwa, `cucchiaino` ni cha chai, herufi chache tu zinatofautisha. `forno ventilato` ni ya feni, kwa hivo joto limeshapunguzwa, usipunguze tena, kama yako haina feni ongeza 20. `q.b.` ni kiasi kinachotosha, kwa macho yako.

Nimefuata yote na bado imeharibika, nitajuaje kosa liko kwenye kipimo gani?

Ikate katikati uiangalie. Juu imepasuka imekuwa nyeusi na ndani bado mbichi, joto ni kubwa, ama hukupunguza kwa feni au themomita na nobu hazisemi kitu kimoja. Imeiva lakini kavu inamomonyoka na haikupanda sana, unga umezidi, rudi kwenye kikombe. Ina tabaka zito la mafuta chini, siagi iliyeyuka kabla ya kupigwa. Imepanda vizuri kisha ikadidimia, bekingi pauda imezidi au oveni ilifunguliwa mapema, kwa keki ya tini ya mkate kabla ya dakika 30 mlango usiguse. Imepauka juu na muda umepita, joto liko chini, na hapo usiongeze dakika kwa wasiwasi ukaikausha, pandisha selsiasi 10 kwenye ile inayofuata. Badilisha kitu kimoja tu kila ukirudia, na kila badiliko liandike kwa penseli pembeni ya karatasi yako, sio kwenye kadi ya mwenyewe.